Kadi ya chanjo haijazwi saiba

Ukiwa unafanya kazi saiba pale Mishomoroni, au una laptopu na watu wa mtaa wanakujua kwamba unaweza kuediti picha, basi Januari haipiti bila kazi hii kukufikia. Mama anaingia na kitabu cha kliniki kimekunjika pembe. Shule imeomba nakala ya ukurasa wa chanjo mtoto aingie PP1, na ukurasa una mapengo mawili. “Mwanangu, niwekee tarehe hapa na hapa, ufanye kama za juu.” Analipa shilingi mia mbili, pengine zaidi, na kwako ni dakika kumi tu. Unascan, unakopi muhuri wa mstari wa juu, unaubandika chini, unabadilisha tarehe, unaprinti. Kazi kwisha.

Msimamo wetu ni kwamba kazi hiyo ikatae. Hatusemi hivyo kwa sababu mama huyo ni mwizi. Mara nyingi ni mzazi aliyebanwa, na huenda kosa la pengo lile si lake. Tunasema hivyo kwa sababu unachoombwa kujaza si fomu ya shule. Ni karatasi ambayo muuguzi ataisoma siku moja, aiamini, na aamue asimdunge mtoto.

Hapo ndipo watu wengi wanapokosea. Tumezoea kuiona kadi ya chanjo kama cheti, kitu cha kuonyesha mlangoni ili upite. Kadi ile ni kumbukumbu ya kazi. Mtoto akifika kituoni, muuguzi hana namna nyingine ya kujua kilichomo mwilini mwake. BCG huacha kovu mkononi, mara nyingi, lakini penta, polio na surua haziachi alama yoyote. Muuguzi hupitisha kidole kwenye safu za kadi, na palipo na tarehe huruka. Pale palipo wazi ndipo huchukua sindano. Ukijaza pengo kwa kompyuta, umemfunga muuguzi macho, na yule mtoto hatapata dozi hiyo tena, kwa sababu kila atakayemwona baada ya leo atadhani alishaipata.

Sasa angalia mapengo yenyewe. Kuna mapengo ya aina mbili, na kwa macho hayana tofauti. La kwanza ni dozi iliyotolewa lakini haikuandikwa kwenye kadi. La pili ni dozi ambayo haikutolewa kabisa. Kompyuta yako haiwezi kuzitenganisha. Kituo cha afya kinaweza, na kila moja ina dawa yake.

Tuchukue mfano, tuufuate mpaka mwisho. Mtoto amezaliwa tarehe 11 Februari 2022. Akapewa BCG na matone ya kwanza ya polio hospitalini. Ratiba ya Kenya inamtaka arudi akiwa na wiki 6, wiki 10 na wiki 14 kwa polio, penta na chanjo ya nimonia, pamoja na ile ya rota ya kuzuia kuhara. Kisha miezi 9 kwa chanjo ya kwanza ya surua na rubela, ambayo manesi huiandika MR, na miezi 18 kwa MR ya pili. Kwenye kadi yake, wiki ya 6 imejazwa tarehe 25 Machi na wiki ya 10 tarehe 22 Aprili. Wiki ya 14 iko wazi. MR ya kwanza imejazwa tarehe 11 Novemba 2022. MR ya pili iko wazi.

Ukimuuliza mama kwa utulivu, hadithi inatoka. Mwezi wa Mei 2022 alikuwa Kaloleni kwao, matangani, na kitabu alikiacha nyumbani Mishomoroni. Mtoto alipelekwa zahanati ya huko tarehe 27 Mei, akadungwa, nesi akaandika kwenye kipande cha karatasi, na karatasi ikapotea. Hilo ni pengo la aina ya kwanza. Ama ile ya miezi 18, mama alikuwa ameanza kazi, mtoto alikuwa anatembea na kucheza vizuri, na kliniki ikasahaulika. Hilo ni la aina ya pili.

Saiba ingejaza nini? Ingehesabu wiki 14 tangu kuzaliwa na kuandika tarehe 20 Mei 2022, halafu miezi 18 na kuandika tarehe 11 Agosti 2023. Zote mbili ni uongo. Ya kwanza ni uongo hata ingawa mtoto alidungwa kweli, kwa sababu rejista ya Kaloleni inasema tarehe 27. Siku mtu akipiga simu kule kuuliza, kadi na rejista zitapishana, na dozi ya kweli itaonekana ya kughushi. Ya pili ndiyo mbaya zaidi. Kati ya watoto 100 wanaopewa MR ya kwanza wakiwa na miezi 9, karibu 15 hawapati kinga ya surua, si kwa kosa la mtu, bali kwa sababu mwili wa mtoto mdogo hivyo haujibu sawasawa. MR ya pili iko pale kuwaokota hao 15. Huwezi kujua mtoto huyu yuko upande gani. Na surua si mafua: mgonjwa mmoja, katikati ya watu wasio na kinga, anaweza kuwaambukiza wengine 12 hadi 18. Darasa la PP1 lililojaa, madirisha mawili, ndipo mahali pake.

Njia halali ya mtoto huyu ni fupi kuliko mama anavyodhani. Kwa MR ya pili, anakwenda kliniki na kitabu chake. Kati ya MR ya kwanza na ya pili kinachotakiwa ni wiki 4 angalau, na hapa imepita miaka mitatu, kwa hivyo anadungwa siku hiyo hiyo. Tarehe inayoandikwa ni ya siku hiyo, tuseme 9 Januari 2026, na si ya 2023. Hakuna kuanza upya. Hili waambie wazazi wanaoogopa kurudi kliniki wakidhani mtoto atarudiwa sindano zote: dozi zilizotolewa na kuandikwa zinahesabiwa hata kama umechelewa miaka, na muuguzi anaendelea pale mlipoachia. Sindano moja, na safu ile imejaa kihalali. Shule haina sababu ya kulalamika kwamba tarehe ni ya mwezi huu.

Kwa wiki ya 14, kazi ni kuitafuta kumbukumbu. Kila kituo kinachochanja kina daftari kubwa la kudumu la chanjo, ambalo wahudumu hulijua kwa namba yake, MOH 510. Humo mtoto ana mstari wake: namba, tarehe aliyofika mara ya kwanza, jina, tarehe ya kuzaliwa, jina la mama, anakokaa, na tarehe ya kila dozi. Kadi inaweza kuliwa na panya au kulowa mvua ya Mei, lakini mstari ule ulibaki kituoni. Kadi mpya hutolewa kutoka hapo.

Tatizo ni kuupata mstari. Daftari halikupangwa kwa alfabeti. Limefuata siku watoto walivyokuja. Ukifika dirishani na kusema tu “natafuta ya Amina”, umempa nesi kazi ya siku nzima katikati ya foleni, na jibu litakuwa njoo kesho. Mpe tarehe ya kuzaliwa na mwezi wa ziara ya kwanza kituoni hapo, afungue ukurasa wenyewe. Mpe jina la mama kama lilivyo kwenye kitambulisho, na namba ya simu aliyokuwa akitumia wakati huo. La muhimu zaidi, mwambie mtoto alikuwa ameandikwa kwa jina gani. Wengi hapa kwetu huletwa kliniki kabla jina halijakamilika, au kabla halijabadilishwa na nyanya, na kwenye daftari wameandikwa “mtoto wa fulani”. Ukitafuta jina la cheti cha kuzaliwa hutalipata, na wala haina maana kwamba hakuchanjwa.

Kwa hiyo beba cheti cha kuzaliwa au ile karatasi ya taarifa ya kuzaliwa, kitambulisho cha mama, kitabu cha zamani hata kama kimebaki vipande, na picha yoyote ya kadi iliyomo kwenye simu. Tafuta Wasapu za zamani. Wazazi wengi waliwahi kumtumia baba aliye Ughaibuni picha ya ukurasa ule wakasahau. Picha ya kweli ya zamani si kadi, lakini inampa nesi tarehe ya kuanzia kutafuta. Nenda siku ya kliniki ya chanjo, ila fika baada ya msongamano wa asubuhi, na uulize kwanza ni siku gani muuguzi wa chanjo yupo.

Mstari ukipatikana, muuguzi hunakili tarehe kutoka daftarini hadi kwenye kitabu kipya, husaini na kupiga muhuri. Mwombe aandike kwamba imenakiliwa kutoka rejista ya kituo, na namba ya mtoto ya rejista. Neno hilo moja litakuokoa mbele ya shule au ubalozi watakaouliza kwa nini kitabu ni kipya na tarehe ni za zamani. Hakikisha amenakili tu kilichoko daftarini. Kumwomba muuguzi “akusaidie” tarehe ambayo haimo ni kughushi vile vile, hata kama kalamu na muhuri ni halali.

Katika mfano wetu, daftari liko Kaloleni, kaunti ya Kilifi. Kituo cha Kisauni hakiwezi kuandika dozi ambacho hakikuitoa wala hakikuiona. Mama anaweza kusafiri, au kumtuma jamaa aliye kule na nakala za vitambulisho, alete barua fupi yenye muhuri inayotaja tarehe na dozi. Wakati mwingine nesi wa huku humpigia mwenzake wa kule na wakamalizana, ila usitegemee hilo peke yake, maana simu haiachi karatasi. Na usiende kuulizia kwenye ofisi kubwa ukidhani kompyuta ya serikali ina majina yote. Hesabu ambazo vituo hupeleka juu kila mwezi ni jumla: dozi kadhaa za penta, dozi kadhaa za MR. Jina la mtoto wako halimo ndani ya jumla hiyo. Baadhi ya vituo vimeanza kuweka kumbukumbu za kila mtoto kwenye mfumo wa kielektroniki, kwa hivyo uliza, lakini kwa mtoto wa miaka hii iliyopita, daftari la karatasi ndilo la kutegemewa.

Usimwogope mtu wa dirishani. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kifungu cha 26, inakupa haki ya kuona taarifa zako zilizoko mikononi mwa taasisi, na kutaka zilizokosewa zisahihishwe. Mzazi anazo haki hizo kwa niaba ya mtoto wake. Ukikataliwa bila sababu, omba kwa maandishi, kwa msimamizi wa kituo, ukae na nakala.

Na kama daftari lenyewe limepotea, au kituo kilishafungwa? Hapo kanuni ya afya ni kali lakini ina mantiki: dozi isiyo na kumbukumbu huhesabiwa haikutolewa. Muuguzi atakupangia ratiba ya kufidia kulingana na umri wa mtoto, kwa kuwa baadhi ya chanjo zina kikomo. Rota, kwa mfano, hapewi mtoto aliyekwisha kukua. Wazazi huuliza, je, akidungwa mara mbili? Kwa kawaida dozi ya ziada ya polio au surua haina madhara. Kinachoumiza ni dozi iliyokosekana. Mwambie pia muuguzi kama mtoto alichanjwa kwenye kampeni ya Julai 2025 ya surua, rubela na homa ya matumbo. Kampeni huwa ni dozi ya nyongeza, na kidole kilichopakwa wino si uthibitisho wa MR ya pili.

Shule je, inayotaka karatasi Jumatatu? Mwombe muuguzi aandike kwenye kitabu tarehe ya kurudi kwa kila dozi iliyobaki. Ukurasa wenye mapengo na tarehe za kurudi unamwambia mwalimu mkuu kwamba mtoto yuko kwenye ratiba ya kufidia. Zungumza naye kabla ya siku ya kuripoti. Mapengo si jambo geni kwa walimu. Katikati ya 2025 kaunti nyingi zilipungukiwa na BCG na matone ya polio, wazazi wakarudishwa milangoni wakiwa wamebeba vitabu. Na chanjo za ratiba ya taifa hutolewa bure katika vituo vya umma, kwa hivyo zile mia mbili za saiba ni nauli tosha ya kwenda kliniki na kurudi.

Turudi kwako wewe wa kompyuta, kwa sababu huenda bado unajiambia, nani atajua? Kadi ya kughushi hujifichua kwa njia ambazo mtu wa picha hazijui. Chanjo ya nimonia iliingia kwenye ratiba ya Kenya 2011, MR ya pili ikaanza kama surua ya pili 2013, rota 2014, na neno rubela likaingia 2016. Kijana aliyezaliwa 2004 akileta kadi yenye rota, nesi hahitaji mashine kumjua. Muhuri wa mistari miwili ukiwa na doa lile lile la wino mahali pale pale, umekopiwa. Tarehe ikiangukia Jumapili au Krismasi katika kituo kisichochanja siku hizo, maswali yanaanza. Na yote hayo ni kabla mtu hajapiga simu kuuliza rejista.

Sheria nayo haikuangalii kama fundi tu. Kanuni ya Adhabu inaweka kifungo cha hadi miaka 3 kwa kughushi hati, na anayeitumia akijua ni ya uongo anaingia kwenye adhabu hiyo hiyo. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018, kifungu cha 25, inazungumzia mtu anayebadilisha data makusudi ili ichukuliwe kuwa ya kweli: faini hadi shilingi milioni 10, au kifungo hadi miaka 5, au vyote viwili. Faili hubaki kwenye kompyuta ya saiba, na Wasapu ya mteja ina jina lako.

Wale wanaojiandaa kwenda Ghuba wachukue hili pia. Kadi ya manjano ya chanjo ya homa ya manjano imeandikwa ndani yake kwamba kubadilisha, kufuta au kuacha sehemu wazi kunaweza kuibatilisha yote. Hata kama ulidungwa kweli, tarehe moja ukiigusa umejiharibia. Ikipotea, rudi kituo kilichokuchanja wakutolee nyingine kutoka kwenye rejista yao. Cheti kikiwa sahihi huanza kufanya kazi siku 10 baada ya sindano, na tangu Julai 2016 kinatambuliwa maisha yote ya mwenyewe. Kwa hivyo usingoje wiki ya tiketi.

Mpaka wa kazi yako basi uko wazi. Scan kadi, ng'arisha picha iliyofifia, nyoosha ukurasa uliopinda, geuza iwe PDF, mtumie mama kwenye simu abaki na nakala. Hizo ni huduma, na lipwa. Jina likiwa limekosewa, usilirekebishe. Muuguzi atalikata kwa mstari mmoja, aandike sahihi na kusaini pembeni. Usiipige kadi lamineshini hata ukiombwa, kwa sababu mtoto bado ana dozi mbele na nesi hawezi kuandika juu ya plastiki.

Na mama akiinamisha kichwa na kusema, “Kwa hivyo hutanisaidia?”, mjibu hivi: “Mamangu, hii siigusi, itamzuia mtoto kudungwa. Lakini kaa hapo.” Kisha chukua karatasi nyeupe umwandikie: tarehe ya kuzaliwa, jina la kwenye daftari, jina lako la kitambulisho, simu ya zamani, kituo cha kila dozi na mwezi wake. Iprinti. Karatasi hiyo ndiyo nesi ataitumia kufungua ukurasa sahihi wa daftari, na kuitengeneza hakukuchukui zaidi ya zile dakika kumi za kughushi.